Kiti cha Bi Kirejeshi

Wifi yangu sikumpenda tangu siku kaka alipomleta nyumbani, na sioni sababu ya kujifanya leo. Mtu anaweza kusimulia habari za asiyempenda na bado akasema kweli. Pengine huisema vizuri zaidi, maana hana haja ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya nitakayoyasimulia niliyaona mwenyewe, tukiwa tumekaa bega kwa bega kwenye meza moja, mimi na yeye, kama watu tuliofungwa kamba.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kwa uangalifu kana kwamba kila sakafu imepigwa deki sasa hivi. Anafundisha Kiswahili katika shule ya wasichana, katika mji mwingine mbali na huu wangu. Wanafunzi wake walimpa jina la Bi Kirejeshi, na jina likamkaa. Kirejeshi ni ile silabi ndogo inayojibanza ndani ya kitenzi, ile -ye- ya “aliyesaini”, ile -o- ya “waliosaini”, inayoonyesha anayezungumzwa ni nani. Msichana akiiba chaki, wifi yangu humsamehe. Akikosea kirejeshi, atasimama mbele ya darasa mpaka miguu imwume.

Nyumbani kwake hali ilikuwa kinyume. Kaka yangu ni dalali wa nyumba, na mdomo ndio mtaji wake. Nampenda, ni damu yangu, lakini kukaa naye ni kukaa na redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Mkewe akifungua kinywa kusema jambo, kaka anamalizia. Mara nyingine hamngojei hata afungue. “Mke wangu anasema rangi hii haifai,” huwaambia wageni, na mke mwenyewe yuko jikoni, rangi yenyewe hajaiona. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia wifi akimaliza hadithi mezani kwake. Nilikuwa nacheka. Nilisema moyoni, aliyewanyamazisha watoto wa watu naye amepata wa kumnyamazisha.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo alisikilizwa, napo ni meza ya sarufi. Kila mwaka, mitihani ikiisha, baraza la mitihani huwaita walimu wa Kiswahili, mimi nikiwa mmoja wao, kusahihisha. Tunakusanyika katika bwalo la shule moja ya bweni, ambayo kwa bahati mbaya yangu haiko mbali na kwangu. Viti vya wanafunzi vinaondolewa, meza ndefu zinapangwa, bahasha za skripti, yaani majibu ya watahiniwa, zinashushwa kutoka kwenye gari chini ya ulinzi. Kila meza ina sehemu yake ya mtihani, na kila mtahini ana swali lake. Unasahihisha hilo hilo kutwa kucha kwa kalamu nyekundu, kisha unamsukumia jirani skripti asahihishe lake. Kiongozi wa meza anapita nyuma yako na kalamu ya kijani, anachomoa skripti mbili tatu, anazipima upya. Mkitofautiana, bahasha nzima inarudi kwako.

Kazi hiyo ni ya kuumiza mgongo, na chakula chake ni cha kumezwa bila kutafunwa. Lakini wifi yangu aliipenda kama watu wanavyopenda harusi. Pale mezani, mtu akikwama, alikuwa anauliza, “Bi Kirejeshi, wewe unaonaje?” Halafu kalamu zote zinasimama, watu wanangoja mpaka amalize. Niliuona uso wake nyakati hizo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekula akashiba. Barua ya mwaliko ikimfikia, alianza kupiga pasi nguo zake wiki nzima kabla ya safari. Kaka alilalamika kwamba likizo inampita bila mke. Yeye alienda tu. Na alipofika huku alilala bwenini, kwenye vitanda vya chuma vya wanafunzi, ilhali mimi wifi yake nina chumba kitupu umbali wa dakika chache. Sikumkaribisha, hakuomba. Tulielewana hivyo.

Kiongozi wa meza yetu tulimwita Mkasi, kwa sababu ya kukata alama. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na upole wenyewe ulikuwa wa paka. Hakuwahi kusema “nimeamua”. Alisema “imeamuliwa”. Bahasha haikurudishwa naye, “ilirudishwa”. Mimi alinirudishia bahasha mwaka mmoja mbele ya watu wote, akisema imeonekana kuna uvivu. Tangu siku hiyo, salamu yake naiitikia kwa kichwa tu.

Mwaka ninaouzungumzia, siku ya kwanza ilikuwa, kama kawaida, siku ya kuoanisha. Hakuna anayesahihisha kikweli siku hiyo. Mnasomewa mwongozo wa majibu, mnapewa nakala za skripti za majaribio, kila mtu anatoa alama, kisha mnabishana mpaka mikono yote ipige mstari mmoja. Kiongozi akifunga mjadala, mwongozo umekuwa sheria.

Swali lililompata wifi lilikuwa la kusisitiza. Mtahiniwa anapewa sentensi ya kawaida, anaambiwa aiandike upya ili msisitizo uwe kwa mtenda. Kipengele cha kwanza: Meneja alisaini barua. Mwongozo ulisema: Meneja ndiye aliyesaini barua. Hapo hapakuwa na ugomvi. Wifi aliuliza kama “Ni meneja aliyesaini barua” nayo itapata, na Mkasi akakubali, maana miundo yote miwili inamchomoa meneja na kumweka mbele ya watu. Tukapitia makosa. Mtoto mmoja aliandika “Meneja aliyesaini barua”, akaishia hapo, na hiyo si sentensi, ni mtu aliyeitwa akaachwa amesimama mlangoni. Mwingine aliandika “Ni meneja alisaini barua”, kirejeshi hakipo. Mwingine “Meneja ndio aliyesaini”, ndio ya wengi kwa mtu mmoja, kama tunavyosema sote barabarani na kama tusivyoruhusiwa kuandika. Yote hayo yakahukumiwa bila kelele, na vijana wawili waliopewa swali hilo pamoja na wifi wakaandika pembeni mwa nakala zao.

Kipengele cha pili kilikuwa: Sisi wafanyakazi tulisaini barua. Mkasi akasoma jibu la mwongozo kwa sauti yake ya siagi: “Sisi wafanyakazi ndio waliosaini barua.” Akafunua ukurasa.

Wifi akainua kalamu. Alisema ukurasa usifunuliwe kwanza, kwa sababu jibu hilo limekosewa. Sentensi waliyopewa watoto ina nafsi ya kwanza wingi, “tulisaini”, kwa hiyo jibu lazima liwe “ndio tuliosaini”. Kusisitiza ni kumweka mtenda mbele, si kumbadilisha akawa mtu mwingine.

Mkasi hakuinua macho. Alieleza kwamba nomino iliyo jirani na “ndio” ni “wafanyakazi”, na wafanyakazi ni nafsi ya tatu, basi kitenzi kinawafuata wao. Alivyolisema, lilisikika kama jambo lenye akili. Kijana mmoja akatikisa kichwa kukubali, mwenzake akamfuata, kama kawaida ya kondoo.

“Neno wafanyakazi linaeleza tu sisi ni akina nani,” wifi akasema. “Mwenye kitenzi ni sisi. Liondoe uone kinachobaki. Sisi ndio waliosaini. Ukifika kwako leo, utamwambia mkeo, sisi ndio waliochelewa?”

Meza ikacheka. Hilo lilikuwa kosa lake, kuwachekesha watu juu ya Mkasi. Mimi mwenyewe nilicheka, na mimi sipendi kumchekea. Mkasi alingoja kicheko kiishe, akakunja mikono juu ya mwongozo.

“Mwongozo umeshasainiwa, mwalimu,” alisema.

“Umesainiwa na nani?”

“Umesainiwa.”

Ukweli wa mambo ulikuja kujulikana baadaye, nao ni mdogo na wa aibu. Aliyetunga swali aliandika “Wafanyakazi walisaini barua”, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa: “Wafanyakazi ndio waliosaini.” Wapitiaji wa mtihani wakaona ni rahisi mno, wakaongeza “sisi” na kubadilisha kitenzi cha swali. Mwongozo ukarudishwa kwa Mkasi naye aurekebishe. Akachomeka “sisi” mwanzoni mwa jibu, kitenzi akakisahau, akaweka sahihi chini. Ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya, kwa sababu mtu wa kazi nyingine asingekuwa na jibu la zamani la kulitia kiraka. Angeandika alivyozoea kuongea, na angepata.

Siku ile ya kuoanisha, Mkasi alijua? Mimi nasema alijua pale pale wifi alipouliza. Nilimwona akiangalia chini ya ukurasa, mahali pa sahihi, haraka, kama mtu anayehakikisha zipu. Kukiri kungemlazimu kwenda ofisi ya baraza kuomba mwongozo ubadilishwe, na jina lake liko pale kwa wino. Akaona ni heri watoto wa watu waumie. Akafunga mjadala. Aliongeza, kwa upole ule ule, kwamba kuna watahini wenye tabia ya kutetea majibu ya shule zao, na kwamba mwaka uliopita mtu wa namna hiyo alirudishwa kwao kabla ya chakula cha mchana. Hakumtazama mtu yeyote. Sote tukamtazama wifi.

Skripti zina namba, hazina majina wala shule, na yeye alikuwa wa mwisho duniani wa kuiba alama. Tusi lile lilimwingia. Na nilingoja, kwa hamu kabisa, ampe vidonge vyake. Badala yake akainama, akaandika jibu la mwongozo pembeni mwa nakala yake, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni.

Alisahihisha hivyo siku mbili. Swali langu mimi lilikuwa la viambishi, na skripti zilinifikia zikitoka kwake, kwa hiyo niliona kila alichofanya. Mtoto ameandika “Sisi wafanyakazi ndio tuliosaini barua”, mwandiko safi, nukta mahali pake, kosa jekundu. Mtoto mwingine, aliyekoroga kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza, kaandika “waliosaini”, vema. Aliziweka alama zile za kosa ndogo, ndogo sana, kama anayetumaini hazitaonekana. Wakati wa chai hakuinuka. Nilimuuliza kama amekuwa bubu huku nako. Akasema nimwache.

“Unaogopa,” nikamwambia.

“Ndiyo, naogopa,” akajibu. “Nikitoka hapa naenda wapi?”

Nilimwacha, nikaenda kunywa chai yangu.

Siku ya tatu ya kusahihisha mambo yakaharibika. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu ya baraza alifungua bahasha iliyokwisha kamilika, akaona skripti nzuri zinaanguka mahali pamoja tu, moja baada ya nyingine, na zile mbovu zinapata hapo hapo. Akasoma kipengele, akasoma mwongozo. Baada ya chakula cha mchana, ofisa wa baraza aliingia bwaloni, mwanamume mwembamba mwenye miwani, mwalimu wa Kiswahili mwenyewe zamani. Kazi ya meza yetu ikasimamishwa. Meza nyingine ziliendelea, lakini masikio yao yote yalikuwa kwetu.

Mkasi alikuwa amejiandaa. Sijui aliambiwa na nani, ila alitoa maelezo yaliyokwisha andikwa, kwa mkono, karatasi moja. Alituomba sote tuyasikilize, kisha kila mmoja athibitishe mbele ya ofisa. Akasoma: “Sisi watahini wa meza hii ndio tuliopendekeza jibu la kipengele cha pili, baada ya majadiliano ya pamoja.”

Hapo ndipo nilipoelewa ule upole ulikuwa unatafuta nini. Kosa likiwa la meza nzima, halina mwenyewe. Tungeonywa kwa ujumla, tungeambiwa tuongeze umakini, skripti zingesahihishwa upya, na sahihi iliyo chini ya mwongozo ingekuwa ya kumbukumbu tu, ya mtu aliyesaini kwa niaba ya wenzake.

Ofisa akauliza mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa meza. Kijana wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili akasema ndiyo, akafuta jasho. Mama mmoja mwenye swali la methali, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa amesinzia nusu ya mjadala, akasema ndiyo, tulijadiliana. Ndiyo zikaja zikinikaribia kama sahani ya mchango. Zikamfikia wifi.

Alikuwa ameshika kifuniko cha kalamu. Akakiweka mezani.

“Leo kitenzi umekipatanisha vizuri,” akamwambia Mkasi. “Sisi watahini ndio tuliopendekeza. Sisi, na tu-. Siku ile ulisema kitenzi kinafuata nomino ya jirani. Mbona hukuandika waliopendekeza?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Ofisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mkasi uso ulimvimba, akasema si wakati wa dhihaka, mwalimu huyu ana historia ya ubishi, na hata wifi yake hapo anaweza kushuhudia. Akanionyesha mimi kwa kidole.

Sikushuhudia kitu. Nilimtazama mpaka kidole kikashuka. Wifi ninayo ruhusa ya kumsema mimi, kwa kuwa ameolewa kwetu. Mkasi alipewa na nani?

Ofisa akamuuliza wifi maelezo yaweje. Akasema: “Kiongozi wa meza ndiye aliyesaini mwongozo.”

Mkasi akadaka hapo hapo. Alisema hana tatizo, ukweli hakatai, basi iandikwe kwamba kiongozi wa meza alisaini mwongozo, na ya kwamba meza ilijadili. Alitabasamu kidogo. Alimsukumia wifi karatasi na kalamu yake ya kijani, aandike mwenyewe, waishe.

“Hapana,” wifi akasema. “Kiongozi alisaini, hiyo inaacha mlango wazi. Alisaini yeye, na pengine mimi, na pengine huyu mama. Mimi nasema ndiye aliyesaini. Yeye, na hapa mezani hakuna mwingine.”

Mle bwaloni walikuwa walimu wa Kiswahili watupu. Hapakuwa na hata mmoja wa kudanganywa kwamba sentensi hizo mbili ni sawa. Tumezifundisha maisha yetu yote, tumewachapa nazo watoto. Yule mama wa methali aliangalia vidole vyake. Vijana wakaangalia ukuta. Mkasi akaanza kusema jambo juu ya heshima, juu ya miaka yake ya utumishi, sauti ya siagi imemwisha kabisa, inakwaruza. Alimwita wifi nyoka. Alimwita mchawi wa vitabu. Wifi alimwacha amalize, maana kukatizwa anakujua.

Ofisa akachukua mwongozo, akaangalia chini ya ukurasa. Akaona sahihi moja. Akaandika kwenye daftari lake, na nilivyomtazama mkono niliona ameandika “ndiye”. Ingeishia pale tungekwenda kunywa chai. Wifi yangu angekuwa mshindi, na mimi ningekuwa na kero ya kumsikia akishinda mwaka mzima.

Lakini ofisa, pengine kwa ajili ya kukamilisha tu, akauliza: “Na skripti hizi zilisahihishwa na nani?”

Mmoja wa wale vijana wawili akasema zilisahihishwa kwa kufuata mwongozo. Alikuwa ameshajifunza kwa Mkasi, mtoto yule, atafika mbali. Mwenzake akasema hakuona tatizo lolote, alifuata alichosomewa. Ofisa akaandika: hawakuona.

Nilimkanyaga wifi mguu chini ya meza. Sikumkanyaga kwa mapenzi. Nilimkanyaga kwa sababu nilimjua, na mchuma janga hula na wa kwao.

“Nyingi ni zangu,” akasema. “Ndimi niliyezisahihisha.”

“Uliona kosa la mwongozo?”

“Niliona siku ya kwanza. Nikasema, sikusikilizwa, nikaendelea.”

“Siku mbili?”

“Siku mbili.”

Ofisa alifunga daftari lake. Nadhani alimwonea huruma, na huruma yake haikumfaa mtu. Alieleza kwamba kanuni ya baraza ni moja: mtahini akigundua kosa katika mwongozo anaweka kalamu chini na kuandika ripoti ofisini, mjadala ukimshinda mezani. Akiendelea kusahihisha hali anajua, anaondolewa kwenye orodha. Kwa asiyejua, kanuni haina la kumfanya. Kuhusu Mkasi, alisema atapewa onyo la maandishi, na atabaki mezani mpaka kazi iishe, kwa kuwa bila kiongozi skripti haziwezi kutoka. Zile zote zilizokwisha pita zingesahihishwa upya na vijana wale wawili.

Kwa hiyo aliyeona alikuwa mmoja, naye akaondoka. Wasioona wakabaki kuwapima watoto. Nilikasirika, na nilimkasirikia yeye kuliko wote. Alishindwa nini kusema “zilisahihishwa” kama wenzake? Neno liko, liko kwenye vitabu, tena analifundisha.

Alifunga kalamu zake kwa ule utaratibu wake wa kuudhi, nyekundu na nyekundu, akasalimu meza, akatoka. Nilimfuata mpaka varandani, nikamtolea uvivu. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia hakuna aliyemuuliza kama alijua mpaka yeye alipofungua mlango, na kwamba angekaa kimya angerudi mwakani, na mwaka wa kufuata, mpaka wamzike na kalamu yake.

“Ningemwambia yeye ndiye aliyesaini,” alisema, “halafu mimi nisiwe na kitenzi?”

Alikuwa analia, kidogo tu, bila sauti, na aliniudhi mno kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Kisha akaniomba jambo. Bwenini hawezi kulala tena, jina limeshafutwa. Na nyumbani hawezi kurudi kabla ya tarehe ya kurudi, kwa sababu kaka atauliza, na akijua, atalisimulia kwa kila mpangaji wa mji ule, na kwenye masimulizi hayo yeye mwenyewe hatapata nafasi ya kusema hata neno. Alitaka chumba kile kitupu. Zimwi likujualo, nadhani ndivyo alivyofikiri.

Nikampa ufunguo. Nilimwambia asiguse sufuria zangu, na asinipangie kabati.

Jioni ile nilirudi nikamkuta amekaa kitandani, mkoba haujafunguliwa. Hakugusa sufuria wala kabati, na kwa ukweli ningependa angegusa, nipate la kusema. Nilimwambia “tuliosaini” sasa inapata vema, watoto wote watapata haki yao. Akaitikia kwa kichwa. Alilijua hilo. Silo alilokuwa akilingoja.

“Nani amekaa kwenye kiti changu?” akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema wameleta mwalimu mzuri, au kwamba nafasi imeachwa wazi kwa heshima. Kwa kweli nililifikiria hilo njiani. Lakini kwa mtu huyu uongo wa huruma ungekuwa matusi.

“Hakuna aliyekaa,” nikamwambia. “Mkasi ameweka hapo birika la chai.”

Alifikiri kidogo. Akauliza kama mchana ule kuna mtu aliyebisha jambo lolote. Nikamwambia hapana, kazi imekwenda upesi sana, tumemaliza mapema.

Akasema asante kwa kumwambia, akajilaza na nguo zake za kazi, akageukia ukuta.